Doria Mbele ya Hatua

Mjini Koboko watu huniita dakitari. Wananiita hivyo sokoni, wananiita hivyo kwenye foleni ya maji, na kuna bibi mmoja alinisimamisha njiani akafungua mdomo wote ili nimtazame jino. Ukweli ni kwamba wakati huo nilikuwa msaidizi tu wa wauguzi kwenye kituo cha afya. Nilipima uzito wa watoto, nilishika tochi mkunga aliposhona, na nilifuta sakafu baada ya kila mtu kwenda kunywa chai. Nilitaka kwenda chuo cha uuguzi kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, na chuo kilitaka niwe nimefaulu hisabati kwenye mtihani wa senia foo, yaani wa kidato cha nne. Nilikuwa nimeshaufanya mtihani huo nikiwa msichana, nikafeli. Nikaufanya tena nikiwa mama wa watoto, nikafeli vilevile. Msimamizi wetu kazini, mwanamke asiyependa maneno mengi, aliniambia kwamba mwaka huu ataniombea ruhusa ya masomo, na kwamba baada ya hapo nafasi itakwenda kwa mwingine. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku akihesabu glovu.

Basi nikajiandikisha kama mtahiniwa binafsi kwenye shule moja mjini Arua, na huko nikakutana na wenzangu wawili wa upande wetu. Mmoja alikuwa sajini mstaafu kutoka Dranya, mzee mwenye mgongo ulionyooka hata akiwa ameketi juu ya gunia. Alitaka cheti kwa sababu mkewe alikuwa nacho, kimetundikwa ukutani sebuleni, na kila walipogombana mama huyo hakujibu neno, aliinua tu kidevu kuelekea ukutani. Wa pili alikuwa mama mkulima wa Lurujo, mihogo na simsim, mpole, mwenye tabia ya kukaa kimya mpaka ukasahau yupo. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi shuleni kwa watoto wake, akachoka kusomewa barua na watu waliojifanya wanamsaidia.

Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, anayetembea haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Sote tulimwita Madam, hata Sajini ambaye angeweza kumzaa. Alitengeneza slaidi za marudio ambazo aliziringia, na alikuwa na haki ya kuziringia. Kila slaidi ilikuwa na swali moja lililofanyiwa kazi, lakini kazi haikuonekana yote kwa pamoja. Mwanzoni unaliona swali peke yake. Unasema hatua inayofuata ni ipi na kwa nini. Ukishasema, yeye anabonyeza, hatua inatokea, unajiona ulivyopatia au ulivyopotea, halafu mnakwenda kwenye hatua nyingine. Alituambia siku ya kwanza kwamba mtu anayesoma jibu lililokwisha kufanywa hujidanganya kuwa anajua, kwa sababu kila mstari ukishauona unaonekana rahisi. Kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja tu: usiione hatua kabla hujaitaja.

Siku hiyo ya kwanza alitueleza sheria tu, maana umeme haukuwapo na projekta ilikaa mezani imefunikwa kitambaa. Slaidi zenyewe hatukuziona. Baada ya hapo masomo yakawa Jumamosi, na mimi nilikuwa na zamu kila Jumamosi, Mama wa Lurujo alikuwa na palizi, na Sajini alisema hawezi kwenda Arua peke yake na kuacha kikosi nyuma. Madam akatuhurumia. Alijaribu kututumia slaidi kwenye simu, zikakataa kufunguka kwenye simu ya Sajini, na kwangu zikafunguka zikiwa zimepinda maandishi. Basi akazigeuza kuwa PDF, akatutumia hivyo, zikafunguka kwa kila mtu. Tulimshukuru kwa ujumbe mrefu wa sauti. Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe wakati huo, ni kitu gani kilikuwa kimekufa njiani.

Kilichokufa ni kule kubonyeza. Kwenye PDF slaidi ni picha iliyosimama. Kila kitu ambacho kwenye kompyuta kinatokea kwa zamu, au kinatokea na kuondoka, kinakuwa kimekaa pale pamoja, kama familia nzima iliyoambiwa ipige picha. Sisi hilo hatukulijua. Sisi tuliona ukurasa wenye swali juu na hatua zote chini, na tukaona kwamba sheria ya Madam imevunjika, kwa sababu hatua tunaziona hata kabla ya kukaa.

Sajini ndiye aliyelitatua. Alizipeleka slaidi zikachapwa mjini Koboko, wino mweusi tu, akakata kipande cha katoni ya sabuni kilicholingana na upana wa karatasi. Tulikutana Jumapili mchana kwenye ghala lake la karanga kule Dranya. Aliweka karatasi juu ya ubao, akaifunika kwa katoni, akaacha swali tu lionekane.

"Sasa hii ndiyo kompyuta yetu," alisema. "Mutu hapana gusa katoni. Mimi peke yangu nashusha. Mutu anasema hatua kwanza, akisema, mimi nashusha mustari moja."

"Na kama nasema mbaya?" niliuliza.

"Nashusha vilevile, na wewe unaona haya."

Swali la kwanza lilikuwa 5(x − 2) = 3x + 4. Nilijifanya hodari, nikasema tunafungua mabano, tunapata 5x − 10 = 3x + 4. Sajini akashusha katoni kwa heshima zote. Mstari uliotokea ulikuwa 5x − 2 = 3x + 4, na juu yake ulipita mstari ulionyooka, umeukata kutoka mwanzo hadi mwisho.

Karanga zilinukia. Mama wa Lurujo alisogea karibu, akaweka kidole juu ya ule mkato.

"Hii wameikata," alisema.

"Naona wameikata," Sajini alisema. "Lakini kwa nini wameandika halafu wamekata?"

Akashusha tena. Mstari wa pili ulikuwa ule wangu, 5x − 10 = 3x + 4. Kisha 2x = 14. Kisha x = 7. Safi kabisa. Tukafungua ukurasa wa pili, swali jingine, na humo pia baada ya swali ukatokea mstari wenye kosa, umekatwa, na chini yake ule sahihi. Ukurasa wa tatu hivyo hivyo, isipokuwa mkato ulikuwa katikati ya kazi. Hapakuwa na neno la maelezo popote. Mtu mwingine angempigia Madam simu akauliza. Mimi nilitaka kumpigia, na ninasema hivyo bila kujisifu, maana simu yangu haikuwa na chaji na sikuipigania.

Sajini alikuwa ameshaanza kutabasamu. Alisimama. Alipokuwa akieleza jambo muhimu hakuweza kulieleza akiwa ameketi.

"Sasa nimejua. Hii iko doria," alisema. "Unapokwenda mahali hujui, hapana peleka jeshi yote. Unapeleka kwanza mutu moja mbele, anaangalia. Akipigwa, unajua njia ile iko mbaya. Unamukata kwenye hesabu, halafu jeshi yote inapita njia ingine. Madam iko na akili ya vita."

"Kwa hiyo katika mtihani lazima tuandike kwanza mustari mbaya?" niliuliza.

"Lazima. Halafu unamukata na rula. Mutu aliyekufa kazini hapana katwa ovyo-ovyo."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Lakini ukiliangalia vizuri, jambo lile lilikuwa na mantiki yake, na sisi tulikuwa watu wa Koboko. Nyumba zetu zimelelewa na pensheni za jeshi. Baba yangu mwenyewe alikuwa akitupanga mstari kwa ajili ya kunawa mikono. Tulipoambiwa kwamba hisabati inatuma doria, hakuna aliyeona ajabu. Tuliona hatimaye hisabati imesema lugha yetu.

Tukafanya hivyo msimu mzima. Kila Jumapili katoni ilishuka, na sheria ikaongezeka sehemu ya pili: kabla ya kutaja hatua sahihi, unataja kwanza doria, yaani kosa ambalo mtu mwenye haraka angelifanya hapo, na unasema kwa nini litampiga. Hapo ndipo tulipopigana kweli kweli. Mimi na Sajini tuliweza kubishana kuhusu doria moja mpaka mkewe akaja kusimama mlangoni na uma wa kukaangia.

"Hii doria yako iko mujinga sana," Sajini aliniambia siku moja. "Hakuna adui anaweza kukamata mutu hapo."

"Mimi mwenyewe nilikamatwa hapo mwaka ule," nilimjibu. "Nilisahau kuzidisha namba ya pili ndani ya mabano."

Akaniangalia kwa huruma ya kijeshi, akakubali. Mama wa Lurujo ndiye aliyekuwa na doria kali kuliko zetu. Alikaa kimya, kisha akatoa kosa moja dogo lililojificha mwishoni kabisa, pale wewe umeshapumua ukidhani umefika. Sajini alianza kumpigia saluti. Nilipenda zile Jumapili. Nilizipenda kuliko nilivyotegemea kupenda kitu chochote chenye x ndani yake.

Ikaja moki, mtihani wa majaribio. Tulikwenda Arua, tukaketishwa mbali mbali ukumbini, kila mtu na meza yake. Maswali mengi yalifanana na yale ya slaidi, namba tu zimebadilishwa, na mimi niliandika kwa furaha. Swali la milinganyo lilikuwa 4(x − 3) = 2x + 6. Nikatuma doria ile ile ya slaidi, 4x − 3 = 2x + 6. Nikaikata kwa rula. Nikaandika 4x − 12 = 2x + 6, nikapata 2x = 18, nikapata 9. Nikatazama upande wa pili wa ukumbi, nikaona mgongo ulionyooka wa Sajini, na rula yake inameremeta. Nilirudi Koboko nikiimba.

Siku chache baadaye tuliitwa shuleni, sisi watatu tu. Hedimasta alikuwa ofisini, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, na Madam alikuwa amesimama dirishani, mikono kifuani. Juu ya meza karatasi zetu tatu zilikuwa zimefunguliwa ubavu kwa ubavu. Sikuhitaji kuambiwa. Karibu kila swali, karatasi zote tatu, kosa lile lile, mahali pale pale, limekatwa kwa rula.

"Nimefundisha miaka mingi," Hedimasta alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Watu wakipata jibu sahihi sawasawa, naweza kuamini. Watu watatu wakikosea sawasawa, na wakijirekebisha sawasawa, hiyo naiitaje?"

Aliigonga karatasi ya kati kwa kidole.

"Hapa iko mutu moja alifanya kazi na wawili wakanakili," akaendelea, sasa akituangalia mmoja mmoja. "Mimi siwezi kuwa na watu kama hao kwenye ukumbi wangu siku ya mtihani. Nitaandika ripoti."

Niliona glovu za msimamizi wangu, niliona nafasi ikienda kwa mwingine, niliona tena kitambaa cha kufutia sakafu. Niliogopa, na niliona hasira pia, maana hakuna kitu kinachouma kama kuitwa mwizi wa kazi ambayo ulipigania Jumapili hadi Jumapili ukiwa umekalia gunia.

Sajini alipiga hatua moja mbele, akabana visigino.

"Afande Hedimasta," alisema, "hapa hakuna mwizi. Hii ilikuwa doria."

Akaeleza. Alieleza yote, kuanzia jeshi linalofika mahali lisipopajua hadi umuhimu wa rula, kwa mikono na kwa mabega, na akamalizia kwa kumsifu Madam kwa akili yake ya vita. Hedimasta alisikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo. Madam aliondoka dirishani polepole. Akafungua laptopu yake juu ya meza, akaigeuza ituelekee.

"Nyinyi mliona nini kwenye ile slaidi?" alituuliza.

"Mustari mbaya, umekatwa," Mama wa Lurujo alisema. "Halafu mustari muzuri."

Madam akabonyeza. Swali likatokea. Akabonyeza, na mstari wenye kosa ukatokea, mwekundu kama pilipili. Akabonyeza, mkato ukapita juu yake. Akabonyeza tena, na hapo sisi watatu tukashtuka kwa sauti moja, kwa sababu mstari mwekundu pamoja na mkato wake vilitoweka. Vikaenda. Pakabaki peupe, kisha hatua sahihi ikaja chini ya swali, nyeusi, tulivu, kana kwamba hakuna aliyewahi kukosea hapa duniani.

"Lilikuwa liondoke," Madam alisema. Sauti yake ilikuwa kati ya kucheka na kulia. "Ninaliweka wanafunzi walione kosa la haraka, tunalizungumza, halafu linaondoka. Nilipogeuza PDF, kila kitu kilibaki. Na nyinyi mkaliandika."

"Maiti ilikuwa izikwe," Sajini alisema taratibu, "na sisi tumebeba mpaka Arua."

Madam alicheka sasa, akajifunika mdomo. Hedimasta hakucheka. Alisema hadithi ni nzuri sana, na kwamba hadithi nzuri ndiyo hasa humtia wasiwasi. Watu wanaweza kunakili kisha wakatafuta hadithi njiani. Alitaka kitu anachoweza kukiona.

Madam alifunga laptopu. Kisha akachukua karatasi tatu tupu, akatusambaza: mimi pembeni ya meza ya Hedimasta, Sajini kwenye kabati la vitabu, Mama wa Lurujo dirishani, migongo yetu ikielekeana. Akaandika swali kwenye ubao mdogo wa ofisini, swali ambalo halikuwa kwenye slaidi wala kwenye moki: 3(x − 4) − 2(x − 5) = 4.

"Fanyeni," alisema. "Na tumeni doria. Kila mtu ya kwake."

Niliandika doria yangu, ile ile iliyoniua nikiwa msichana: nikafungua mabano ya kwanza bila kuzidisha namba ya pili, 3x − 4 − 2x + 10 = 4. Nikaomba rula ya Hedimasta, na akanipa, nadhani kwa mshangao tu. Nikakata. Kisha nikaandika 3x − 12 − 2x + 10 = 4, nikapata x − 2 = 4, nikapata 6. Nikalirudisha 6 kwenye swali kama tulivyozoea: tatu mara mbili ni sita, mbili mara moja ni mbili, sita toa mbili ni nne. Nikaweka kalamu chini.

Madam alizipanga karatasi mezani ubavu kwa ubavu, kama zile za kwanza. Jibu lilikuwa moja kwa wote, 6. Lakini doria zilikuwa tatu mbali mbali. Sajini yeye alikosea kwa makusudi kwenye mabano ya pili, akaandika toa kumi badala ya jumlisha kumi, akasahau kwamba hasi mara hasi inageuka. Mama wa Lurujo alikwenda bila kosa lolote hadi x − 2 = 4, na hapo mwishoni, pale unapopumua, akaandika x = 4 − 2, akaikata, akaandika x = 4 + 2.

"Eleza," Hedimasta alimwambia Mama wa Lurujo.

"Mutu amechoka," alisema bila kuinua sauti. "Ameona mbili iko na alama ya kutoa, anaibeba upande ingine na alama yake ile ile. Lakini hapana beba. Unaongeza mbili hapa, unaongeza mbili kule, ndiyo ile toa inaisha."

Hedimasta alizipitia karatasi tena, moja moja. Halafu akamgeukia Madam, si sisi.

"Wanafunzi wangu wa kutwa," alisema, "ukiwaambia wakosee kwa makusudi mahali penye maana, wangapi wataweza?"

Madam alifuta ubao tu. Nilimpenda sana wakati ule kwa kutomjibu. Hedimasta alikunja karatasi zetu za moki, akasema turudi nyumbani, na kwamba hakuna ripoti. Sajini akampigia saluti, naye akajikuta ameinua mkono nusu kabla ya kukumbuka yeye ni raia.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Madam alitugeukia kwa ukali.

"Sasa nisikilizeni. Siku ya mtihani, hakuna doria. Msahihishaji hatoi alama kwa mstari mliokata, na saa haiwangoji. Doria mnaituma kichwani. Karatasi ni ya jeshi peke yake. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Madam," tulisema, na tulielewana kweli. Alitutumia slaidi upya, safari hii amezigawa, hatua moja kila ukurasa, ili hata PDF isiweze kutoboa siri. Sajini alihuzunika kidogo. Katoni yake ilikuwa imelainika pembeni kwa kushikwa, na sasa ilikosa kazi.

Mtihani wenyewe ulikuja siku ya mvua. Maji yalipiga bati la ukumbi hata msimamizi wa mtihani akawa anatupa maelekezo kwa vidole. Nilifanya kama tulivyoagizwa. Sikutuma doria hata moja kwenye karatasi. Kurasa zangu zilikuwa safi, nikazipenda, na labda ndiyo sababu nilijisahau. Lilikuja swali la lori linalokwenda mji mwingine kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, likarudi kwa njia ile ile kwa mwendo wa 60, na wakauliza mwendo wa wastani wa safari nzima. Niliandika 40 jumlisha 60, gawanya kwa mbili, 50. Nikapiga mstari chini yake. Nikageuza ukurasa.

Halafu nikarudi. Kuna kitu kilikuwa kimekaa vibaya. Lori lilikaa muda mrefu zaidi kwenye ule mwendo wa polepole, kwa hiyo wastani hauwezi kuwa katikati kabisa. Nilikuwa nimekosea, si kwa makusudi, si kwa mchezo wa Jumapili. Nilikuwa nimekosea kweli, ndani ya mtihani wa kweli, na ukurasa ulikuwa wangu.

Lazima niseme nilivyofeli mara zile mbili. Sikufeli kwa kutojua. Nilifeli kwa sababu kila nilipoona kosa langu kwenye karatasi, moyo ulikimbia. Nilijiambia, umeona, wewe ni yule yule, na nikakata ukurasa mzima kwa hasira, pamoja na kazi nzuri iliyokuwa humo, halafu nikakaa nikitazama mikono yangu mpaka wakakusanya karatasi. Kosa lililokatwa lilikuwa kwangu hukumu. Mara ya pili nilitoka ukumbini kabla ya wakati, nikatembea mpaka chini ya Arua Hill bila kujua ninakwenda wapi.

Sasa nilikuwa nimelikata kosa mara nyingi mno kwenye ghala la karanga. Nilichukua rula. Niliukata ule mstari mmoja, ule mmoja tu, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Chini yake nikaandika: umbali wa kwenda ni d, safari nzima ni 2d. Muda ni d/40 jumlisha d/60, ambao ni 5d/120, ambao ni d/24. Na 2d gawanya kwa d/24 ni 48. Nikageuza ukurasa, nikaendelea na swali lililofuata, mvua ikipiga.

Matokeo yalikuja nikiwa kazini, kliniki ya wajawazito. Nilikuwa nimemlaza mama mmoja kijana kitandani, mimba yake ya kwanza, mkono wangu mmoja uko juu ya tumbo lake na utepe wa kupimia. Simu ikalia mfukoni. Sheria ni kwamba hatuangalii simu mbele ya mgonjwa, na niliangalia. Ilikuwa ni Madam. Aliandika tu: Hisabati umefaulu. Nyote watatu.

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa kwikwi, mkono bado uko juu ya tumbo la yule mama, na yeye akaruka kuketi akishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, macho yamemtoka.

"Dakitari!" alipiga kelele. "Umeona nini? Mutoto iko na nini?"

"Mutoto iko muzuri," nilimwambia. "Mutoto iko muzuri sana, mama. Lala. Ni mimi nimefaulu."